Kwa Nini Saa za Dunia Hupishana kwa Saa 26

Kila nchi hupanga saa zake kwa kuzilinganisha na kipimo kimoja kiitwacho UTC, ambacho kilirithi kazi iliyokuwa ikifanywa na saa ya Greenwich, Uingereza. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya kipimo hicho, na hali hiyo huandikwa UTC+3. Rwanda, Burundi na majimbo ya mashariki mwa Congo yako UTC+2, na Oman iko UTC+4. Ukizipanga tofauti za namna hiyo kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, unaanza na UTC-12 na kuishia na UTC+14. Kati ya ncha hizo mbili kuna saa 26, na hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24 tu. Saa mbili za ziada zimetoka wapi?

Jibu ni kwamba tofauti ya nchi na UTC hueleza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni mahali ulipo mshale wa saa, jambo linalotegemea jua. La pili ni tarehe, na tarehe haitegemei jua hata kidogo. Ni makubaliano ya watu. Jua haliwezi kuzidisha saa 24. Tarehe inaweza, kwa kuwa serikali ndiyo huamua nchi ihesabu pamoja na majirani wa upande gani.

Tuanze na jua. Duara la dunia lina nyuzi 360, na jua huonekana kulizunguka kwa saa 24, kwa hiyo kila saa moja ni sawa na nyuzi 15. Ukienda mashariki kutoka Greenwich, kila nyuzi 15 zinakuongezea saa moja. Ukienda magharibi, zinakupunguzia saa moja. Safari zote mbili hukutana upande wa pili wa dunia, kwenye longitudo ya nyuzi 180, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Aliyetoka mashariki anafika akiwa na +12, aliyetoka magharibi akiwa na -12. Mishale ya saa zao inaonyesha kitu kimoja, maana wote wako chini ya jua lile lile, lakini wa kwanza anasema leo ni Jumanne na wa pili anasema ni Jumatatu. Mabaharia walio mbali na nchi kavu hufuata utaratibu huu bila marekebisho yoyote. Ukanda wa bahari unaopakana na nyuzi 180 umegawanywa nusu mbili zenye upana wa nyuzi saba na nusu kila moja, moja ikiwa na +12 na nyingine -12. Mpaka hapo jumla ni saa 24 kamili, na hesabu inakubali.

Ncha ya -12 ni tupu. Nchi kavu inayohesabiwa kuwa humo ni visiwa viwili vidogo vya Marekani karibu na ikweta, Baker na Howland, na hakuna mtu anayeishi huko. Howland ndicho kisiwa ambacho rubani Amelia Earhart alikuwa akikitafuta mwaka 1937 alipopotea na ndege yake. Mahali penye watu palipokuwa na saa hiyo kwa miaka mingi ni Kwajalein, katika Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ina kituo cha kijeshi cha majaribio ya makombora. Kwa longitudo, Kwajalein iko upande wa Asia kabisa, lakini ilitumia tarehe ya Marekani ili siku za kazi zilingane na za wakubwa waliokuwa ng'ambo. Mwaka 1993 utaratibu huo ulikomeshwa: Jumamosi ya tarehe 21 Agosti ikafutwa, na baada ya Ijumaa ikafuata Jumapili. Tangu hapo -12 imebaki kuwa saa ya meli, ndege wa baharini na, kama itakavyoonekana, wanafunzi wanaochelewa kukamilisha kazi zao.

Mkanganyiko wa tarehe ulijulikana karne nyingi kabla ya kuwapo saa za kanda. Mabaharia waliosalia wa msafara wa Magellan, wakiongozwa na Elcano, walipofika visiwa vya Cabo Verde Julai 1522, walikuta wenyeji wanasema ni Alhamisi, hali kumbukumbu zao za melini zilisema Jumatano. Mwandishi wao, Antonio Pigafetta, alishangaa kwa sababu alikuwa ameandika kila siku bila kuruka. Hawakukosea kuhesabu. Walikuwa wameizunguka dunia kuelekea magharibi, wakilifuata jua, na katika mzunguko wote walikuwa wameona macheo pungufu ya moja kuliko watu waliobaki nyumbani. Ni lazima basi pawepo mahali fulani baharini ambapo anayevuka anarekebisha tarehe. Swali likabaki kuwa ni wapi.

Kwa muda mrefu swali hilo lilijibiwa na njia za meli. Wahispania walifika Ufilipino kutoka Meksiko, wakielekea magharibi, wakaja na tarehe ya Amerika. Warusi walifika Alaska kutoka Siberia, wakielekea mashariki, wakaja na tarehe ya Asia. Kila mkoloni alibeba kalenda ya bandari aliyotokea. Hapo ndipo panapopatikana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: pishano la saa 26 la siku hizi si kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea. Kwa jua, Manila iko mbele ya Greenwich kwa kama saa nane; lakini kwa kuwa ilihesabu siku moja nyuma, tofauti yake halisi ilikuwa karibu -16. Sitka, mji mkuu wa Warusi huko Alaska, uko nyuma ya Greenwich kwa saa tisa. Kwa kuwa ulihesabu siku moja mbele, tofauti yake ilikuwa karibu +15. Kati ya Manila na Sitka palikuwa na karibu saa 31. Manila iliondoka upande ule mwaka 1844, gavana wa Kihispania Narciso Clavería alipoamuru tarehe 31 Desemba isiwepo. Alaska ilifuata mwaka 1867 baada ya Marekani kuinunua, na kwa kuwa yenyewe ilirudi nyuma badala ya kwenda mbele, watu wa Sitka walikuwa na Ijumaa mbili mfululizo.

Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakachagua Greenwich kuwa longitudo sifuri, na longitudo zihesabiwe pande mbili mpaka nyuzi 180. Mara nyingi husemwa kwamba mkutano huo ndio uliochora Mstari wa Tarehe wa Kimataifa. Haukuuchora. Mpaka leo hakuna mkataba unaosema mstari huo upite wapi. Ule unaoonekana kwenye ramani, ukipinda huku na huku, ni picha tu ya uamuzi wa kila nchi kuhusu tarehe yake. Nchi ikibadili uamuzi, wachora ramani huupinda upya.

Mpindo mkubwa kuliko yote umesababishwa na Kiribati. Nchi hii ilipata uhuru mwaka 1979 ikiwa na makundi matatu ya visiwa yaliyotawanyika kwenye eneo la bahari kubwa mno. Visiwa vya Gilbert, uliko mji mkuu Tarawa, viko magharibi ya nyuzi 180. Visiwa vya Phoenix na Visiwa vya Line viko mashariki yake. Kwa hiyo Tarawa ilikuwa UTC+12, Phoenix UTC-11, na Line UTC-10. Nchi moja, bunge moja, tarehe mbili.

Usumbufu wake unaeleweka vizuri zaidi ukifuata wiki moja ya kazi. Tuchukue ofisi ya serikali mjini Tarawa na tawi lake katika kisiwa cha Kiritimati, kilicho katika kundi la Line, zaidi ya kilomita 3,000 upande wa mashariki. Asubuhi ya Jumatatu wafanyakazi wa Tarawa wameketi mezani, lakini Kiritimati bado ni Jumapili na watu wako kanisani. Jumanne saa nne asubuhi Tarawa ni Jumatatu saa sita mchana Kiritimati, na hapo mawasiliano yanaanza. Yanaendelea mpaka Ijumaa ya Tarawa, ambayo ni Alhamisi ya Kiritimati. Kiritimati inapofika Ijumaa na kutaka majibu, Tarawa ni Jumamosi na milango imefungwa. Katika siku tano za kazi, ofisi hizo zilikuwa wazi pamoja siku nne tu.

Teburoro Tito, aliyeingia urais mwaka 1994, aliahidi kulimaliza jambo hilo, na lilimalizwa mwaka ule ule ulipokuwa unakatika. Katika Phoenix na Line, Jumamosi ya tarehe 31 Desemba 1994 haikuwepo. Ijumaa ya tarehe 30 ilifuatwa moja kwa moja na Jumapili, tarehe 1 Januari 1995. Phoenix ikatoka UTC-11 ikawa UTC+13. Line ikatoka UTC-10 ikawa UTC+14.

Hapo inafaa kutazama kwa makini kilichobadilika na kisichobadilika. Kutoka -10 hadi +14 ni hatua ya saa 24 kamili, yaani siku moja bila dakika ya ziada. Hakuna aliyelazimika kugusa mshale wa saa yake ya ukutani. Jua lilichomoza saa ile ile, wavuvi waliingia baharini saa ile ile, shule zilifunguliwa saa ile ile. Kalenda tu ndiyo iliyorukishwa ukurasa. Ushahidi ni Honolulu, mji mkuu wa Hawaii. Uko kaskazini mwa Kiritimati karibu kwenye longitudo ile ile, nyuzi 157 na ushei magharibi ya Greenwich, na hutumia UTC-10. Simu ikipigwa kati ya miji hiyo miwili, wote wawili wataambiana ni saa sita mchana. Ila Honolulu itasema ni Jumapili na Kiritimati itasema ni Jumatatu. Kwa jua, UTC+14 ni UTC-10, na UTC+13 ni UTC-11. Saa mbili zilizozidi 24 ni sehemu mbili za upande wa magharibi wa Greenwich ambazo zimehesabiwa mara mbili, mara moja kwa tarehe ya Amerika na mara ya pili kwa tarehe ya Asia.

Kiribati ilipata faida nyingine ambayo haikuilalamikia hata kidogo. Kisiwa chake cha mashariki kabisa, Caroline, kikawa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kuingia mwaka 2000, na serikali ikakibadili jina kikaitwa Kisiwa cha Milenia. Sababu ya awali, hata hivyo, ilikuwa ofisi na siku zake nne.

Samoa ilikwenda na kurudi. Mpaka mwaka 1892 ilikuwa na tarehe moja na Australia. Wafanyabiashara wa Kimarekani waliokuwa na nguvu huko walitaka ilingane na California, na visiwa vikarudi nyuma kwa kurudia siku ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mara mbili. Zaidi ya miaka mia moja baadaye biashara ilikuwa imegeuka, na washirika wakubwa wa Samoa walikuwa Nyuzilandi na Australia, ambako pia maelfu ya Wasamoa wanaishi. Ijumaa ya Apia ilikuwa Jumamosi ya Auckland, na Jumatatu ya Sydney ilikuwa Jumapili ya Apia. Siku mbili za kazi zikawa zinapotea kila wiki. Waziri Mkuu Tuilaepa Sailele Malielegaoi alisimamia mabadiliko: baada ya Alhamisi ya tarehe 29 Desemba 2011 ikafuata Jumamosi ya tarehe 31, na waajiri wakatakiwa kulipa mshahara wa Ijumaa ambayo haikuwahi kufika. Tokelau, jirani mdogo wa kaskazini, ilifanya vivyo hivyo. Kwa kuwa wakati huo saa za Samoa zilikuwa zimesogezwa mbele kwa majira ya kiangazi, hatua yake nayo ilikuwa kutoka UTC-10 hadi UTC+14. Majira hayo yaliachwa mwaka 2021, na sasa Samoa ni UTC+13 mwaka mzima. Samoa ya Marekani haikuhama. Iko UTC-11, na ndege inayotoka Apia kwenda Pago Pago, safari ambayo haifiki hata saa moja, hutua jana yake.

Matokeo ya pishano hili yanaweza kuonekana kila siku mchana katika Afrika Mashariki. Chukua Jumanne saa saba na nusu mchana, Dar es Salaam au Nairobi. Kwa UTC ni 10:30. Kiritimati, iliyo saa 14 mbele, imeshaingia Jumatano, saa sita na nusu usiku. Pago Pago, iliyo saa 11 nyuma, bado ni Jumatatu, saa tano na nusu usiku. Watu wa sehemu hizo tatu wanaishi tarehe tatu tofauti kwa wakati mmoja. Jambo hili hutokea kila siku kati ya saa saba na saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Ukihesabu na meli zilizo kwenye -12, linaendelea mpaka saa tisa alasiri. Kwa hesabu hiyo hiyo, tarehe moja, tangu inapozaliwa Kiritimati mpaka inapokufa kwenye bahari ya -12, huishi duniani kwa saa 50.

Saa ya -12, ingawa haina wakazi, imepata kazi katika ulimwengu wa wasomi. Mikutano mingi ya kisayansi hupokea makala mpaka mwisho wa tarehe fulani kwa saa iitwayo AoE, maana yake ni kwamba tarehe haijaisha maadamu haijaisha popote duniani. Hiyo ndiyo UTC-12. Mwanafunzi aliye Kampala au Mombasa akiambiwa mwisho ni tarehe 31 Machi kwa AoE, ana muda mpaka karibu saa tisa alasiri ya tarehe 1 Aprili. Wanaojua hulala vizuri usiku wa tarehe 31.

Kwenye kompyuta ndiko makosa hujitokeza. Waandishi wengi wa programu hudhani kwamba tofauti haiwezi kuzidi 12 upande wowote, na wakikutana na +14 huondoa 24 ili ipatikane -10. Programu ya namna hiyo haionekani kuharibika, na hilo ndilo baya lake: saa inayoonyesha Kiritimati ni sahihi hadi sekunde, ila tarehe iko nyuma siku moja. Atakayegundua ni abiria aliyekata tiketi ya siku isiyo yake. Kwenye mashine ya Linux au Mac, amri mbili hizi zinatosha kuona hali inavyopaswa kuwa:

```
TZ=Pacific/Kiritimati date
TZ=Pacific/Honolulu date
```

Majibu mawili yatafanana kwa saa na dakika, na yatapishana kwa siku moja. Kuna mtego mwingine hapo hapo. Katika orodha ya kanda inayotumiwa na mashine hizo, majina yanayoanza na `Etc/GMT` yana alama zilizogeuzwa, kwa kufuata desturi ya zamani ya mifumo ya Unix ya kuhesabu saa zilizo magharibi kuwa chanya. `Etc/GMT+12` ndiyo UTC-12, na `Etc/GMT-14` ndiyo UTC+14. Anayechagua mojawapo ya majina hayo mawili kwa kutazama alama tu atakosea kwa saa 24 au zaidi.

Je, ncha ya juu inaweza kufika +15? Hakuna sheria inayokataza. Kinachoizuia ni kwamba mashariki zaidi ya Kiribati hakuna nchi iliyoona faida ya kuhesabu pamoja na Asia. Visiwa vya Gambier, sehemu ya Polinesia ya Kifaransa, viko UTC-9. Vikichukua tarehe ya Asia vitakuwa UTC+15. Visiwa vya Marquesas, vilivyo UTC-9:30, vitakuwa +14 na nusu. Lakini vyote husimamiwa kutoka Tahiti, iliyo UTC-10, na vikihama peke yake vitajikuta katika shida ile ile iliyoikimbiza Kiribati. Polinesia nzima ikihama, Tahiti itakuwa +14 na Gambier +15, na hapo kazi itawaangukia watu wa kompyuta. Lugha ya Java inakubali tofauti mpaka saa 18 kila upande na haitatikisika, ila hifadhidata ya SQL Server na kanuni za tarehe za XML zimeweka kikomo kwenye 14, na itabidi zifunguliwe upya.